Swichi Moja, Mitandao Mitatu

Swichi inayosimamiwa ni kisanduku kile kile cha matundu ya nyaya za mtandao kinachoonekana katika ofisi nyingi, ila chenyewe kina ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari. Swichi ya kawaida haiulizi kitu: chochote kinachochomekwa kwenye tundu lolote hukutana na vingine vyote. Ile inayosimamiwa huweza kuambiwa kwamba matundu haya ni ya mtandao mmoja na yale ni ya mwingine. Hapo kifaa kimoja chenye matundu 8 hufanya kazi ya swichi tatu zisizojuana. Kila mtandao uliotengwa kwa njia hiyo huitwa VLAN.

Katika maabara ya nyumbani, mgawanyo unaotumika sana ni wa sehemu tatu: simu na kompyuta za familia, vifaa janja kama kamera, taa na televisheni, kisha laptopu ya kazi. Kinachosukuma watu kufanya hivyo ni hasa kundi la pili. Kamera ya bei rahisi huja na programu ambayo mtengenezaji anaweza kuacha kuirekebisha muda si mrefu baada ya kuiuza, na mwenye nyumba hana njia ya kuona inachofanya ndani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na virekodi vya video kwa maelfu kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi tovuti kadhaa maarufu zikawa hazifunguki. Kamera iliyotekwa ikiwa mtandao mmoja na kompyuta yenye nyaraka za kazi, inaweza kuibishia mlango kompyuta hiyo usiku na mchana bila yeyote kujua.

Utengano wenyewe hufanywa kwa lebo. Kiwango kinachoitwa 802.1Q kinaruhusu swichi kubandika baiti 4 ndani ya kila fremu ya data, na humo mna namba ya VLAN, kuanzia 1 hadi 4094. Tundu linaloelekea kwenye kifaa cha kawaida hutoa fremu bila lebo, kwa kuwa printa au kamera haijui habari za lebo. Tundu linaloelekea kwenye ruta hutoa fremu zikiwa na lebo, ili waya mmoja ubebe mitandao yote mitatu bila kuichanganya.

Nyumba ya mfano ina ruta inayotumia mfumo wa OpenWrt, swichi ya matundu 8 na kituo kimoja cha waifai kinachoweza kurusha majina kadhaa kwa mpigo. Familia inapewa VLAN 10 na anwani za 192.168.10.x, vifaa janja VLAN 20 na 192.168.20.x, kazi VLAN 30 na 192.168.30.x. Kulinganisha namba ya VLAN na namba iliyo katikati ya anwani si sharti la kiufundi, lakini humwokoa mtu siku ya matatizo: akiona 192.168.20.14 anajua papo hapo kifaa kiko wapi.

Tundu la 1 linakwenda kwenye ruta na tundu la 2 kwenye kituo cha waifai. Yote mawili yanabeba VLAN 10, 20 na 30 kwa lebo. Kituo cha waifai nacho kinarusha majina matatu, na kila jina limefungwa kwenye VLAN yake. Matundu ya 3 na 4 ni ya familia, la 5 na la 6 ni ya kamera na televisheni, la 7 ni la laptopu ya kazi. Tundu la 8 linaachwa kwenye VLAN 1, ambayo ndiyo swichi hutoka nayo kiwandani, ili fundi awe na mahali pa kuchomeka waya na kuufikia ukurasa wa mipangilio. Asiyeacha tundu kama hilo huweza kujifungia nje katikati ya kazi, na dawa pekee inayobaki ni kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani na kuanza upya.

Kosa linalowasumbua wengi liko kwenye neno PVID. Katika swichi nyingi za bei nafuu, kupanga tundu la 5 liwe la VLAN 20 hufanyika kwenye kurasa mbili tofauti. Ukurasa wa kwanza huamua fremu zipi ziruhusiwe kutoka kwenye tundu hilo. Wa pili, wa PVID, huamua fremu isiyo na lebo inayoingia kwenye tundu ihesabiwe kuwa ya VLAN gani. Mtu akijaza wa kwanza na kuusahau wa pili, kamera itasikiliza VLAN 20 lakini kila inachosema kitaingia VLAN 1. Dalili zake ni mbili, na zinatofautiana. Ikiwa tundu la 5 bado ni mwanachama wa VLAN 1, kamera itapata anwani, ila ni ya mtandao usio wake, mathalani 192.168.1.37. Ikiwa liliondolewa VLAN 1, ombi la anwani huenda na jibu halirudi. Laptopu ikichomekwa hapo kwa majaribio hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Anayeziona namba hizo aangalie ukurasa wa PVID kabla ya kushuku waya.

Hadi hapo mitandao imetengana kwenye swichi, na wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Mitandao yote mitatu inakutana kwenye ruta, na kazi ya ruta ni kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Isipokatazwa, kamera iliyoko VLAN 20 itaifikia laptopu iliyoko VLAN 30 kwa kupitia mlango wa mbele. Kinachozuia ni kanuni za ukuta wa moto zilizoandikwa kwenye ruta, na ndizo zinazostahili muda wa fundi kuliko rangi za nyaya.

Kwenye OpenWrt kila mtandao huwekwa kwenye kanda yake, na kanda hazipitishiani kitu mpaka iandikwe hivyo. Kanda zote tatu zinaruhusiwa kwenda intaneti. Familia inaruhusiwa kuanzisha mazungumzo na vifaa janja, kwa sababu simu inahitaji kuifikia kamera:

```
config forwarding
    option src 'familia'
    option dest 'vifaa'
```

Njia ya kinyume haiandikwi. Majibu ya kamera kwa simu iliyoanzisha mazungumzo yatapita, maana ruta hukumbuka nani alianza. Kamera ikijaribu kuanza yenyewe, inakataliwa. Kanda ya kazi haiandikiwi njia ya kwenda popote ila intaneti.

Kuna jambo dogo linaloangusha mpangilio huu. Kanda ya vifaa ikikatazwa kuongea hata na ruta yenyewe, jambo ambalo ni la busara, basi vifaa havitapata anwani, kwa kuwa anwani hugawiwa na ruta hiyo hiyo. Lazima dirisha lifunguliwe:

```
config rule
    option src 'vifaa'
    option proto 'udp'
    option dest_port '67'
    option target 'ACCEPT'
```

Dirisha la pili, namba 53, hufunguliwa kwa ajili ya kutafuta majina ya tovuti. Bila hilo kifaa kitakuwa na anwani safi kabisa na bado kitalalamika kwamba hakuna intaneti.

Malalamiko ya kwanza kutoka sebuleni huwa ni ya televisheni. Kijana anashika simu kurusha video, na televisheni haionekani kwenye orodha ingawa imewaka mbele yake. Sababu ni kwamba simu hutafuta televisheni kwa kupiga mbiu kwenye anwani 224.0.0.251, na mbiu hiyo imeundwa isivuke ruta. Simu iko VLAN 10, televisheni iko VLAN 20, hazisikiani. Tiba ni programu inayosikia mbiu upande mmoja na kuirudia upande wa pili. Avahi hufanya hivyo kwa mstari mmoja katika faili lake la mipangilio:

```
[reflector]
enable-reflector=yes
```

Dirisha la namba 5353 nalo lifunguliwe kutoka kanda ya vifaa, la sivyo Avahi haitaisikia televisheni. Programu hii hurudia mbiu tu. Video yenyewe hupita kwa ile kanuni ya familia kwenda vifaa. Ziko televisheni ambazo hata baada ya hayo hukaidi. Hapo kuihamishia kwenye mtandao wa familia ni uamuzi wa maana kuliko kutoboa ukuta matundu mengine kumi.

Upimaji hufanywa kutoka upande usioaminiwa. Laptopu inachomekwa kwenye tundu la 6 na kupewa amri tatu. `ping 8.8.8.8` inapaswa kujibiwa, maana intaneti inaruhusiwa. `ping 192.168.10.25`, anwani ya kompyuta ya familia iliyowashwa, inapaswa kukosa jibu. Kompyuta nyingi za Windows hukataa kujibu amri hiyo hata kwa jirani, kwa hiyo kwanza ihakikishwe kwamba inajibu ikiulizwa kutoka VLAN 10, la sivyo ukimya wake hauthibitishi kitu. Amri ya tatu ni `ping 192.168.10.1`, ambayo watu huisahau. Hiyo ni anwani ya ruta yenyewe upande wa familia. Ikijibu, ujue kanda ya vifaa bado inaruhusiwa kugusa ruta, pengine hadi ukurasa wake wa kuingilia.

Nyumba iliyoletewa intaneti ya faiba huwa na kisanduku cha kampuni kinachorusha waifai yake. Waifai hiyo izimwe. Taa iliyounganishwa nayo zamani itaendelea kuitumia, na ule mgawanyo wote utakuwa haiuhusu.

Mpangilio huu una mipaka yake. Vifaa vilivyo ndani ya VLAN moja bado vinaonana: kamera iliyotekwa inaweza kuishambulia televisheni iliyo jirani yake. Kamera inayopeleka picha kwenye seva ya mtengenezaji itaendelea kuzipeleka mradi kanda yake inaruhusiwa kutoka nje, na anayetaka kuikomesha hana budi kuifungia intaneti na kurekodi nyumbani. Lebo hazifichi data kwa namna yoyote. Tena kila kinachovuka kutoka VLAN moja hadi nyingine hupanda kwenye ruta kupitia tundu la 1 na kushuka kwa waya huo huo, kwa hiyo ruta dhaifu hupunguza kasi hata kama swichi ni ya gigabiti. Seva ya mafaili basi huwekwa kwenye mtandao wa wale wanaoitumia zaidi. Ikiwa ni ya picha na filamu za familia, nafasi yake ni tundu la 3 au la 4.