Laini ya baba, mkeka wa mtoto

Simu ya mwenye nyumba iliingia Newala Jumapili asubuhi, wakati baba anaanika korosho uani. Mama wa watu aliongea kwa upole. Alisema kijana ni mtu wa heshima na hana ugomvi na mtu, ila kodi ya Septemba, Oktoba na Novemba haijafika. Ni Sh15,000 kwa mwezi, jumla Sh45,000.

Baba alikuwa ameituma fedha hiyo kila mwezi, kwa simu, kwa mwanawe wa kidato cha tatu mwenye miaka 16, aliyepanga chumba Masasi ili awe karibu na shule. Ujumbe wa miamala yote mitatu anao.

Wazazi wengi hapo wangepanda gari la kwanza kuteremka Masasi na fimbo mkononi. Baba huyu alisubiri. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na mtoto angepanda mwenyewe kuja nyumbani kusaidia kuokota korosho. Katika siku hizo za kusubiri alifanya jambo moja tu. Alikwenda kwenye duka la mtandao wa simu na kitambulisho chake cha NIDA, akaomba taarifa ya miamala ya namba anayotumia mwanawe.

Alipewa bila shida, kwa sababu laini ile ni yake. Mtoto alipokwenda kuanza maisha ya kupanga, baba ndiye aliyeweka alama za vidole kuisajili. Wazazi wengi wamefanya hivyo na wakasahau. Anayetaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake anaweza kupiga *106# na kufuata maelekezo. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na kampuni za kubashiri huiandika sharti hiyo kwenye kurasa zao. Lakini laini ikiwa ya mtu mzima, anayeonekana kucheza ni mtu mzima. Kwenye kumbukumbu, mchezaji wa mikeka yote ile alikuwa baba.

Taarifa ilikuwa na kurasa kadhaa. Baba aliichukua kalamu akapigia mstari kila fedha iliyokwenda kampuni ya kubashiri, na kila iliyorudi. Septemba ilikuwa Sh500 hapa na pale, Jumamosi na Jumapili, mchana kabla ya mechi za Uingereza. Katikati ya Oktoba ikaingia Sh38,000 kwa mkupuo. Baada ya hapo hali ikabadilika. Sh500 ikawa Sh2,000, kisha Sh5,000. Siku nazo zikabadilika. Jumanne saa tano usiku, Jumatano saa nane usiku, saa ambazo timu anazoshabikia mtoto hazichezi.

Huo ndio mstari wa kuutazama kwenye taarifa kama hiyo. Kijana anayeweka Sh500 kwa mechi ya Simba au Yanga amekosea, ila bado anacheza. Anayeweka Sh5,000 usiku wa manane kwa ligi ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani hayupo tena kwenye mpira. Anaifukuzia fedha iliyopotea.

Mtoto alifika siku ya kufunga shule. Alisalimia, akala, akaenda kuokota korosho na wadogo zake. Baba hakusema neno hadi jioni ya siku ya pili, walipobaki wawili barazani na debe la korosho ambazo hazijachambuliwa. Aliiweka ile karatasi juu ya mkeka.

“Sijakuita kukupiga. Nina swali moja. Unadaiwa na nani?”

Kijana alikuwa amejiandaa kuulizwa kwa nini anabeti, na majibu ya swali hilo alikuwa nayo. Hili hakulitegemea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kulia.

Walikuwa wanne, wote wa darasa moja. Kila mwisho wa wiki walichangishana, Sh200 au Sh500 kila mmoja, wakachagua mechi kwa pamoja kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, na mkeka ukawekwa kwenye simu ya huyu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na laini isiyosumbua. Ule ushindi wa Sh38,000 ulikuwa wa wote, Sh9,500 kwa kila mtu. Wenzake walimwambia aitunze hadi Ijumaa. Jumatano usiku alifikiri anaweza kuiongeza kabla hawajaiona. Hadi Ijumaa ilikuwa imekwisha. Akachukua kodi ya Oktoba airudishe, nayo ikaenda. Ya Septemba ilikuwa imeshaliwa kidogo kidogo. Ya Novemba haikukaa hata siku mbili.

“Wamesema nikirudi Januari bila hela yao, nisirudi,” alisema. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Kodi ya nyumba aliiona ni tatizo la pili.

Wakakaa kupiga hesabu. Kwa miezi mitatu zilikwenda Sh118,000 na kurudi Sh52,000. Tofauti ni Sh66,000, na ilikuwa na vyanzo vyake: kodi Sh45,000, fedha ya chakula Sh11,000, na michango ya wenzake Sh10,000. Kijana mwenyewe alishangaa. Kichwani mwake alijihesabu ni mtu aliyeshinda Sh38,000 na kupoteza “kidogo kidogo”.

Kisha akasema neno ambalo kila mzazi wa mtoto anayebeti atalisikia siku moja. “Lakini baba, mara nyingi nimekosa mechi moja tu. Mkeka unachanika kwa mechi moja.”

Baba hakumbishia. Alimwomba amweleze mkeka wa kawaida ukoje. Mechi nane, akasema, zote za timu kubwa zinazotarajiwa kushinda, kila moja ikiwa na odi ya 1.50 hivi. Odi ni ile namba ya kuzidishia fedha yako ukipatia. Zikizidishwa zote nane zinafika 25.6, kwa hiyo Sh500 inaleta kama Sh12,800 kabla ya kodi ya Serikali.

Odi ya 1.50, ukiiamini kama ilivyo, inasema timu hiyo hushinda mara mbili katika kila mechi tatu. Lakini kampuni haiuzi odi kwa bei ya haki. Chukua mechi yenye 2.00 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa wageni. Ukitaka kupata Sh1,000 matokeo yakiwa yoyote, lazima uweke Sh500 kwa wenyeji, kama Sh313 kwa sare na Sh294 kwa wageni. Jumla ni Sh1,107. Umelipa Sh1,107 kununua Sh1,000, na ile ya juu ni ya mwenye duka. Kiasi chake hutofautiana kwa kampuni na mechi, ila hakikosekani. Kikiwa kama sehemu moja ya kumi, timu ya odi ya 1.50 hushinda kweli mara sita tu katika kumi.

Hapo baba akahesabu korosho 60 na kuzipanga chini. Kila korosho ni mkeka mmoja wa Sh500. Katika kila kumi, nne zinatoka kwa kila mechi. Mechi ya kwanza zikabaki 36. Ya pili, 22. Ya tatu, 13. Ya nne, 8. Ya tano, 5. Ya sita, 3. Ya saba, 2. Ya nane ikabaki korosho moja.

Mikeka 60 kwa Sh500 ni Sh30,000. Korosho moja iliyobaki inalipa Sh12,800.

Kijana aliitazama ile korosho. Baba akamrudisha kwenye ile mechi moja inayokosekana. Katika mikeka 60 ya namna hiyo, mmoja hupita, na kama mitano hupatia mechi saba na kukosa moja. Kwa hiyo mtu anayecheza mikeka mirefu lazima ajione amekaribia mara tano kabla ya kushinda mara moja. Yeye anadhani ni dalili kwamba anaujua mpira na bahati iko njiani. Ni hesabu ya mkeka wenyewe, na ingemtokea hata asiyejua goli liko upande gani. Mkeka uliokosa mechi moja unalipa sawa na uliokosa zote nane.

Usiku ule walifunga mazungumzo hapo. Suala la wale marafiki watatu baba hakuliamua peke yake. Kwa Wamakonde mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, na kaka wa mama anaishi Masasi. Baba alipomweleza kwa simu, alisema wazi kwamba hatalipa: fedha ya kamari si deni, na wale nao ni watoto waliokuwa wanavunja sheria. Mjomba alikataa. “Shemeji, kamari ni jambo lingine. Mtoto alishikishwa fedha za watu akazitumia. Hilo tukiliacha, tumemfundisha nini?”

Walikubaliana walipe Sh28,500, Sh9,500 kwa kila mmoja, lakini zisipite kwenye simu wala mikononi mwa watoto. Mjomba angezipeleka mwenyewe na kumkabidhi mzazi wa kila mmoja, kijana akiwa amesimama pembeni, na kueleza fedha hiyo imetoka wapi. Kijana alisihi sana njia hiyo isitumike. Alisema heri apigwe. Baba aliona huruma, ila hakurudi nyuma, maana wale watatu wangetafuta simu nyingine Jumamosi inayofuata.

Mengine yalikuwa mepesi. Baba aliipigia kampuni huduma kwa wateja, akasema akaunti iliyo kwenye namba yake inatumiwa na mtoto wa miaka 16 na anataka ifungwe, akaandika jina la aliyempokea na saa. Namba ya siri ya laini ikabadilishwa. Kodi ya Januari ikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba pamoja na sehemu ya deni, na fedha ya chakula sasa inatumwa kila wiki badala ya kila mwezi. Mpira hakukatazwa. Siku Yanga ilipocheza walisikiliza pamoja redioni, na kijana alipoanza kutaja odi ya mechi alijishika mdomo, baba akacheka.

Wiki ya kwanza ya Januari mjomba na kijana walizunguka nyumba tatu za Masasi. Nyumba ya kwanza mama alimwita mwanawe palepale, na mjomba ikabidi aingilie. Ya pili walipokea kimya. Ya tatu mzee wa nyumba, fundi baiskeli, alisikiliza hadi mwisho, akaihesabu ile Sh9,500 mara mbili, akaiweka mfukoni. Kisha akaitoa simu yake na kumpa mjomba.

“Hebu nipigie hiyo *106#,” alisema. “Nami nione.”