Je, Wajua? Mchoro Unaweza Kukutajia Pembe Iliyofichika

Ukipiga picha ya swali la jiometri, kivuli cha simu hakifuti tarakimu kiliyoiangukia. Hupunguza mwanga wa karatasi na wa wino kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo maandishi bado yamo pichani, yamefifia tu. Ongeza mwangaza wa picha, na mara nyingi yatajitokeza. Penseli ndiyo balaa. Weusi wake unashabihi wa wino, na vikishakutana, kuongeza mwanga hakuvitenganishi. Hapo inabidi kuuhoji mchoro wenyewe.

Chukua mchoro wa duara lenye kitovu O. Pembenne ABCD imo ndani yake, ncha zote nne zikigusa mzingo. Mstari AB unapita O, na A imeunganishwa na C. Penye D, kati ya DA na DC, pameandikwa 118° wazi kabisa. Penye A, kati ya AB na AC, kuna 2 ikifuatwa na tarakimu iliyopitiwa na penseli: huenda ni 3, huenda ni 8.

Wengi hukimbilia kipimapembe. Hilo ni kosa, hata kama kitabuni mchoro ulichorwa kwa vipimo sahihi, jambo ambalo watunga mitihani wenyewe hawaliahidi. Simu ikiinamishwa nyuzi 30, kimo cha mchoro husinyaa hadi asilimia 87 hivi, na pembe ya nyuzi 45 iliyolala kwenye mstari wa chini husomeka kama 41. Duara nalo hugeuka yai. Kisichoharibika ni kwamba mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na nukta iliyo juu ya mstari hubaki juu yake. Hayo ndiyo ya kushika.

Basi tuhesabu. Katika pembenne hii, pembe za B na D zinatazamana, na jumla yake ni nyuzi 180. Kwa hiyo B ni 180 − 118, yaani 62. AB ni kipenyo, hivyo pembe ya C ndani ya pembetatu ABC ni nyuzi 90. Pembe ya A inabakiwa na 180 − 90 − 62, yaani 28. Ni nane. Ingekuwa 23, B ingekuwa 67, na ukiijumlisha na 118 unapata 185, jambo lisilowezekana.

Angalia lakini hoja hii imeegemea nini: AB kupita O. Doa likiifunika nukta ya kitovu, na maelezo ya swali yasitaje kipenyo, ile 90 haina mdhamini, na 23 inarudi mezani. Vilevile 118 ikifichika pamoja na ile ya A, C inaweza kuteleza popote kwenye tao lake bila kuvunja kanuni yoyote. Hapo omba picha nyingine, simu ikishikwa sambamba na karatasi na taa ikitokea ubavuni.