Mtoto Achanjwe, Mama Naye Aulizwe

Ni nadra mama kwenda kliniki kwa sababu ya huzuni, lakini mtoto humpeleka kwa ajili ya sindano. Nchini Kenya, ratiba ya chanjo humrudisha mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na sonona baada ya kujifungua huweza kutambuliwa katika safari hizo hizo.

Muuguzi mwenye foleni ndefu huanza na maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi mama amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi amejisikia mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, yaani kutoka "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku". Jumla ikifika 3, mama huulizwa zaidi.

Hapo huingia dodoso la Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na alama zake za juu ni 30. Uchovu wenyewe hauhesabiwi, kwani kila anayenyonyesha usiku huchoka. Swali la usingizi huuliza kama mama hulala vibaya kwa sababu ya kukosa furaha. Kosa la kawaida hutokea kwenye kujumlisha: katika swali la 1, la 2 na la 4, jibu la kwanza ni 0, lakini katika mengine saba jibu la kwanza ni 3. Asiyekumbuka hilo huweza kumwona mgonjwa kuwa mzima.

Chukua mfano wa mama wa mtoto wa wiki 6 aliyepata 4 katika maswali mawili, kisha 14 katika dodoso. Vituo vingi huchukua 13 kuwa kiwango cha kumpa rufaa, ingawa vingine huanzia 10. Alama hizo hazithibitishi ugonjwa, kwa hiyo anapelekwa kwa mtaalamu amchunguze na kuamua kama anahitaji ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Barua ya rufaa hutaja alama, jina la anayempokea na siku ya miadi. Wiki ya 10 anajibu dodoso upya. Alama zikiwa bado 14, muuguzi huuliza kwanza kama alifika alikotumwa.

Swali la 10, linalohusu kujidhuru, halingoji jumla. Jibu lolote zaidi ya 0 humfanya mama aonwe siku hiyo hiyo, bila kuachwa peke yake.

Majibu hutegemea pia mahali pa kuulizia. Mbele ya mama mkwe, wengi husema wako salama, kwa hiyo maswali huulizwa faraghani. Na wiki ya 14 mtoto akiletwa na bibi yake, muuguzi humpigia mama simu, au humwomba mhudumu wa afya ya jamii amtembelee nyumbani.