EDR ilifunga mlango, wezi wakapitia kwenye kamera

Mwaka 2025, kampuni ya usalama wa mitandao ya S-RM ilieleza kisa cha Akira, genge linalofunga mafaili ya watu kisha kudai malipo. Genge hilo lilikuwa limeshaingia kwenye mtandao wa kampuni moja, likaiba data na kufika hadi kwenye seva. Lilipoweka humo faili la zipu lenye nenosiri, ndani yake likiwa na `win.exe`, EDR ililigundua na kulitenga.

Programu ya zamani ya kukinga virusi hasa hukagua faili na kulilinganisha na alama za virusi vinavyojulikana. EDR hutazama mwenendo. Wakala wake, programu ndogo iliyowekwa kwenye kila kompyuta, hurekodi programu ipi imeanzishwa na ipi, kwa amri gani na kwa akaunti ya nani, imegusa mafaili yapi na imewasiliana na anwani ipi. Rekodi hizo hutumwa kwenye seva kuu. Mfano:

```
winword.exe
  powershell.exe -w hidden -enc ...
```

Powershell ni programu halali ya Microsoft, kwa hiyo kulikagua faili lake hakuonyeshi ubaya wowote. Lakini hati ya Word ina sababu gani ya kuianzisha, tena dirisha likiwa limefichwa na amri imefumbwa? Swali hilo haliulizwi na mtu anayekagua faili peke yake.

Turudi kwa Akira. Baada ya kuzuiwa, walipekua mtandao wakakuta kifaa cha alama za vidole na kamera ya usalama. Kamera ilikuwa na udhaifu usiozibwa, inaendeshwa kwa Linux, na haikuwa na wakala wa EDR. Wakaiingilia, wakaunganisha kutoka humo folda za seva zinazoshirikiwa kwa SMB, wakayafunga mafaili kupitia mtandao. Programu haribifu ilikuwa inaendeshwa ndani ya kamera. Kwenye seva hapakuwa na programu mpya ya kushukiwa. Kilichoonekana ni huduma ya kawaida ya kushirikisha mafaili ikiandika, kama inavyoandika kila siku.

Upofu mwingine uko ndani ya kompyuta yenyewe. Mwizi aliyepata mamlaka ya msimamizi anaweza kupakia draiva ya zamani, halali lakini yenye kasoro, na kuitumia kumzima wakala. Ishara yake ni kompyuta inayoendelea kufanya kazi mtandaoni huku haileti tena rekodi. Lakini ishara hiyo, mimi nionavyo, haina maana saa nane usiku kama hakuna mtu wa kuitazama.

Kwa kamera, ushahidi ulikuwa kwenye mtandao. Kamera huzungumza na kinasa picha chake. Haina shughuli na seva ya mafaili. Fundi angeitenga kwenye sehemu yake ya mtandao na kuzuia bandari 445, ile ya SMB. Tena angelinganisha orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa na orodha ya vyenye wakala, maana EDR haiwezi kurekodi yanayofanyika ndani ya kifaa ambacho haijawekwa.