Muamala Unaochelewa Kufika

Jedwali kubwa la miamala ya simu hugawanywa kwa tarehe, ili anayetafuta miamala ya siku moja asilazimike kupekua ya miaka yote. Ugumu huanza pale muamala uliofanyika saa 5:58 usiku unapopokelewa saa 6:10, tarehe ikiwa imebadilika. Ukihifadhiwa kwa tarehe ya kupokelewa, hesabu za siku zote mbili huharibika bila mfumo kutoa onyo lolote. Kwa hiyo rekodi hubeba nyakati zote mbili, na mgawanyo hufuata wakati wa tukio.

Uchakataji wa mafungu huandika upya sehemu nzima ya jana, hivyo kuurudia hakuzalishi rekodi pacha. Uchakataji wa papo kwa papo hulazimika kupangiwa muda wa kusubiri waliochelewa. Kwa ripoti ya mapato ya kila siku, mafungu yanatosha.