Miguu inauma: ni dawa ao ni kazi?

Kati ya wagonjwa kumi wanaoandikiwa statini, ile dawa ya kushusha kolesteroli, karibu watano wanaiacha mbele ya mwaka kuisha. Huku kwetu kwenye migodi sababu tunaisikia kila mara: "Ile dawa ilikuwa inaniumiza miguu, nikaacha."

Tusimcheke anayesema hivyo. Ukipata malaria unalala, unameza dawa, unapona, na faida unaiona. Kolesteroli yenyewe haiumi. Statini inazuia mshipa wa moyo ao wa kichwa usizibe kisha miaka, na hakuna siku utakayoamka useme: leo nimeponyoka. Lakini paja linalouma unalisikia leo. Njo maana dawa inashindwa.

Sasa, maumivu yanatoka wapi? Waganga wa London walitafuta jibu, na wakalitangaza mwaka 2020. Waliwaita watu 60 ambao walikuwa wameacha statini juu ya madhara yake. Kila mmoja alipewa chupa 12, chupa moja kwa mwezi: nne zilikuwa na atorvastatini ya miligramu 20, nne zilikuwa na vidonge vinavyofanana lakini bila dawa ndani, na nne zilikuwa tupu. Kila siku mtu aliandika alivyojisikia, kuanzia 0 mpaka 100. Miezi ya chupa tupu ilitoa wastani wa 8. Miezi ya statini, 16. Na miezi ya kidonge cha bure? 15. Madhara yalikuwa ya kweli, hakuna aliyedanganya, lakini karibu yote yalikuja na kule kumeza kidonge na kungojea ubaya wake. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Kwa mtu wa mgodi kuna jambo la kuongeza: mwili wake ulikuwa unauma hata mbele ya dawa. Tuseme ni muzee wa miaka 54, anaendesha gari kubwa la mawe. Kolesteroli mbaya, ile ambayo laboratwari inaandika LDL, ni 160. Munganga anamwandikia atorvastatini ya miligramu 20. Wiki ya tatu mapaja yanawaka. Badala ya kuitupa, anachukua kayee ya mtoto, na kila siku anaandika namba kuanzia 0 mpaka 10, na pembeni kazi aliyofanya. Kisha wiki mbili bibi yake anaisoma: siku za gari ni 6 ao 7, siku za kupumuzika ni 2. Kidonge kilikuwa kilekile siku zote. Kazi njo ilibadilika.

Kama namba haishuki hata siku za kupumuzika, apeleke kayee kwa munganga. Munganga anaweza kusimamisha dawa wiki chache, kisha kuirudisha. Maumivu yakiisha na kurudi pamoja na dawa, pengine ni dawa kweli. Hapo kuna kupunguza kipimo, ao kubadilisha statini. Kuacha kabisa njo kunakuja mwisho.

Wengine hawaachi juu ya maumivu: wanasahau, posti zikibadilika. Atorvastatini na rosuvastatini zinakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo saa haina nguvu sana. (Simvastatini ni ya jioni.) Usifuate saa, fuata jambo unalofanya kila siku hata kama ni posti ya usiku: kupiga meno kisha kuamka, kwa mfano, na vidonge vikae karibu na mswaki. Ukisahau kimoja, kesho meza kimoja tu, usimeze viwili.

Na boksi likiisha? Hapo wengi wanapotea, maana "nitanunua mwisho wa mwezi" inakuwa miezi mitatu, na kolesteroli inarudi pale ilipokuwa kisha wiki chache. Boksi la vidonge 30 likibaki na 7, njo siku ya kwenda farmasi. Uliza dawa kwa jina lake, atorvastatini, wala si kwa jina la kiwanda: mara nyingi bei inashuka sana. Kisha miezi miwili ao mitatu, omba damu ipimwe tena. Muzee wetu, kama anameza vizuri, anaweza kutoka 160 mpaka karibu 95. Karatasi hiyo aibandike nyumbani, juu ni mahali pekee ambapo faida inaonekana kwa macho.

Lakini mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, ao misuli ikilegea mpaka kusimama kwenye kiti ni shida, usingojee kayee. Acha kidonge siku ileile, na uende hospitali.