Madoa ya Krimu Hayaondolewi kwa Krimu: Yafahamu Madhara ya Haidrokwinoni na Zebaki

Watumiaji wengi wa mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi hufika mahali pamoja. Baada ya miezi au miaka ya weupe, madoa ya rangi ya kijivu au ya bluu iliyokolea huanza kujitokeza mashavuni, kwenye paji la uso na shingoni. Mtumiaji huona kuwa krimu imepungua nguvu, hivyo huongeza kipimo au hununua iliyo kali zaidi. Madoa nayo huzidi. Makala hii inaeleza kwa nini hali huwa hivyo, madhara yanayojificha ndani ya mwili, na namna mkazi anavyoweza kuitambua bidhaa isiyo salama kabla hajaitoa dukani.

Jinsi haidrokwinoni inavyofanya kazi

Rangi ya ngozi yetu hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Melanini ndiyo mwavuli wa ngozi, kwa kuwa huzuia mionzi mikali ya jua isipenye na kuunguza seli. Haidrokwinoni hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi hiyo. Katika wiki za mwanzo ngozi hung'aa, na mtumiaji huamini kwamba amepata alichokitafuta. Hata hivyo, mwavuli umeshaondolewa, na mtu huyo bado anakwenda shambani, sokoni na kituo cha basi juani.

Kemikali hiyo inapotumika kwa muda mrefu, hasa kwenye ngozi inayopigwa na jua, huweza kusababisha ugonjwa uitwao okronosisi. Chembechembe za rangi hujikusanya ndani zaidi, katika tabaka la chini la ngozi, mahali ambapo sabuni, kisugulio wala krimu havifiki. Mwanzoni huonekana wekundu na madoa madogo. Baadaye madoa huungana na kuwa ya kijivu au ya bluu-nyeusi, na pengine huota vipele vidogo vigumu mithili ya punje. Kwa hiyo madoa hayo si weusi wa asili unaorudi. Yameletwa na krimu yenyewe, na kila tone linaloongezwa huyakoleza. Matibabu yake ni magumu, huchukua muda mrefu, na mara nyingi ngozi hairudi kama ilivyokuwa. Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha.

Zebaki haibaki kwenye ngozi

Zebaki nayo huzuia kutengenezwa kwa melanini, lakini haiishii hapo. Hupenya kwenye ngozi, huingia katika damu na kujikusanya kwenye figo. Figo zilizodhurika hushindwa kuzuia protini isitoke na mkojo. Mgonjwa huona mkojo wenye povu jingi, huvimba uso asubuhi na miguu jioni.

Jambo hili lilibainika hapa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa na uvimbe wa aina hiyo uliotokana na figo kupoteza protini. Walipowahoji, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha kuzipaka. Krimu za wakati huo zilikuwa na asilimia 5 hadi 10 ya kiungo cha zebaki, yaani gramu 50 hadi 100 katika kila kilo. Leo kiwango kinachotumika katika nchi nyingi kama kikomo ni miligramu 1 ya zebaki katika kilo nzima ya kipodozi, kiasi ambacho huweza kuwepo kwa bahati mbaya tu. Anayeitia zebaki ili ing'arishe ngozi hukivuka kikomo hicho mara maelfu.

Zebaki hudhuru pia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na usahaulifu. Tena haimdhuru aliyejipaka peke yake. Hubaki kwenye taulo, shuka na mikono, na hutoa mvuke ambao watoto huuvuta wakiwa ndani. Kwa mama mjamzito, hupita na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Namna ya kuitambua bidhaa isiyo salama

Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Anza kwa kusoma orodha ya viambato. Haidrokwinoni huandikwa kwa neno linaloanza na herufi H, Y, D, R, O na Q. Zebaki huandikwa kwa neno linaloanza na M, E, R na C, au kwa alama Hg. Wakati mwingine hutajwa kwa jina la kalomeli, ambalo huanza na C, A, L na O.

Watengenezaji wengi hawaandiki viambato hivyo, kwa hiyo tazama dalili nyingine. Onyo la kutoigusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini ni ishara ya zebaki, kwa sababu zebaki huziharibu metali hizo. Krimu inayogeuka rangi ya kahawia ikikaa wazi, au inayozidi kuwa ya kijivu ikipigwa na mwanga, itiliwe shaka. Usinunue kopo lisilo na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya toleo. Mkorogo unaochotwa kwenye ndoo na kupimwa kwa kijiko hauna lebo kabisa, na hata muuzaji hajui kilichomo. Kwa aliyekwisha kuutumia, vifundo vya vidole vinavyobaki vyeusi huku mkono mzima ukiwa mweupe ni dalili inayojulikana.

Dalili hizi husaidia kukataa bidhaa, lakini hazitoshi kuithibitisha kuwa salama. Zebaki haina harufu ndani ya krimu wala haionekani kwa macho, na maabara pekee ndiyo huipima.

Ufanye nini ukiwa umeshaitumia

Acha kupaka, kisha fika zahanati au kituo cha afya ukiwa na kopo lenyewe. Mwombe mhudumu akupime mkojo kuangalia protini. Kipimo hicho ni rahisi, na huonyesha kama figo zimeanza kudhurika. Mweleze pia umetumia kwa muda gani, kwa kuwa mikorogo mingi huchanganywa na dawa za steroidi, na anayeziacha ghafla huweza kupata mwasho na wekundu mkali. Hali hiyo isikurudishe kwenye krimu. Mhudumu atakusaidia kuipita.

Kopo usilichome, kwani moto hugeuza zebaki kuwa mvuke. Usilimwage chooni wala shambani. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, liweke mbali na watoto, na ulikabidhi kwa afisa afya wa kata yako. Fua taulo na mashuka yaliyotumika kando na nguo za watoto.

Ukiliona duka linalouza bidhaa hizi, toa taarifa kwa afisa afya wa kata au kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vipodozi nchini. Taja duka lilipo na jina la bidhaa, na ikiwezekana hifadhi kopo kama kielelezo.